Rufaa ya Swali la Saba: Kwa Nini "Upumuaji wa Mimea" Halikuwa Jibu

Katika shindano la klabu za mazingira za shule za sekondari, timu moja ilikataa kukubali kwamba imekosa swali la saba. Haikupiga kelele. Iliandika rufaa ya ukurasa mmoja, yenye hoja zilizopangwa vizuri kuliko majibu sahihi ya timu nyingi, na majaji wakaniomba niisome na kutoa maoni. Swali lenyewe lilikuwa hivi:

"Kila mwaka mimea, udongo na bahari hutoa angani karibu tani bilioni 200 za kaboni. Shughuli za binadamu hutoa karibu tani bilioni 11. Ni nini sababu kuu ya kuongezeka kwa kaboni dioksidi angani tangu mapinduzi ya viwanda? (a) Upumuaji wa mimea na kuoza kwa viumbe. (b) Bahari. (c) Volkano. (d) Uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na ufyekaji wa misitu."

Timu ilijibu (a). Hoja yao ilikuwa fupi: mmetupa takwimu mbili, moja ni kubwa karibu mara ishirini kuliko nyingine, halafu mnatuambia sababu kuu ni ile ndogo. Kama jibu ni (d), takwimu mlizitaja za nini?

Ni hoja nzuri. Mtu aliyekariri kwamba "binadamu ndiye anayeharibu hewa" angepata alama bila kufikiri, na aliyezisoma takwimu kwa makini angezikosa. Kosa la kwanza basi liko kwa mtungaji, kwa kuwa swali lilionyesha upande mmoja tu wa hesabu. Lilisema kinachopanda kwenda angani, likanyamaza kuhusu kinachorudi.

Kinachorudi ni hiki. Usanisinuru wa mimea ya nchi kavu, pamoja na maji ya bahari yanayoyeyusha gesi juu ya uso wake, huondoa angani karibu tani bilioni 206 za kaboni kwa mwaka. Takwimu hizi nimezikadiria kwa namba nzima, maana mikondo mikubwa ya asili haipimiki kwa usahihi wa tani bilioni moja. Tofauti kati ya kinachotolewa na kinachofyonzwa ndiyo inayojulikana vizuri zaidi, kwa sababu inapatikana kwa njia nyingine, kama nitakavyoonyesha. Kwa hiyo asili hutoa 200 na kuchukua 206. Binadamu hutoa 11 na, kwa kiwango cha kuhesabika, hachukui kitu. Jumla inayoingia ni 211, inayotoka ni 206, na 5 zinabaki juu.

Ukitaka kuiona bila kemia, chukua kikundi cha vikoba chenye wanachama wawili. Mmoja anaweka elfu 200 kila mwezi na kutoa elfu 206. Mwingine anaweka elfu 11 na hatoi kitu. Salio linakua kwa elfu 5 kila mwezi. Hakuna mweka hazina atakayesema salio linakua kwa sababu ya yule wa kwanza, ingawa jina lake ndilo linalojaza daftari. Bila wa pili, salio lingekuwa linashuka.

Hapa ndipo timu ilipojikwaa: walipima ukubwa wa mkondo, ilhali swali lilihusu mabadiliko ya akiba. Anga ni akiba. Mkondo mkubwa unaoingia na kutoka kwa kiasi kilekile hauibadilishi akiba hata chembe, na kwa maelfu ya miaka kabla ya viwanda ndivyo ilivyokuwa. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kaboni dioksidi ilizunguka karibu na sehemu 280 kwa milioni kwa muda mrefu kabla ya mwaka 1750, huku misitu ikipumua na bahari ikipumua vilevile.

Sasa hesabu ya kukagua. Sehemu moja kwa milioni ya kaboni dioksidi, ikisambaa katika anga yote ya dunia, ina kaboni tani bilioni 2.13. Kwa hiyo tani bilioni 5 zinazobaki zinapaswa kuinua kiwango kwa 5 ÷ 2.13, yaani karibu sehemu 2.3 kwa milioni kila mwaka. Charles David Keeling alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwezi Machi 1958, na kipimo hicho kinaendelea hadi leo. Kiwango wakati huo kilikuwa karibu 315. Wastani wa mwaka sasa umevuka 420, na katika muongo uliopita ulipanda kwa wastani wa sehemu 2 hadi 3 kwa mwaka. Ndiyo njia niliyosema inapatikana kwingine: ongezeko linapimwa moja kwa moja angani, na utoaji wa binadamu unahesabiwa kutokana na makaa, mafuta, gesi na saruji inayouzwa duniani, pamoja na misitu inayofyekwa. Ukijua 11 na ukijua 5, huna haja ya kuipima miti yote ili ujue kwamba asili kwa jumla imefyonza 6.

(Anayefanya hesabu hizi aangalie kipimo. Vitabu vingine vinahesabu kaboni, vingine kaboni dioksidi nzima yenye oksijeni yake. Tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za kaboni dioksidi, kwa sababu uzito wa molekuli ni 44 na wa kaboni ndani yake ni 12. Tani bilioni 11 za kaboni na tani bilioni 40 za kaboni dioksidi ni kitu kilekile. Nimeona majibu mengi yakiharibika hapo tu, mwanafunzi akichukua 40 kutoka kitabu kimoja na 5 kutoka kingine.)

Rufaa ilikuwa na aya ya pili, na hiyo ndiyo iliyonifanya niiheshimu. Waliandika, kwa kifupi: tuseme hesabu ya kuingia na kutoka ni sahihi, mnajuaje kwamba kilichobaki ni kile cha binadamu? Huenda kaboni ya magari ilifyonzwa na miti, na iliyobaki angani ikawa ya bahari.

Molekuli kwa molekuli, wana haki. Kaboni dioksidi iliyotoka kwenye bomba la lori mjini Morogoro haina anwani. Baada ya miaka michache inaweza kuwa ndani ya mmea wa mahindi au baharini, na nafasi yake juu ikachukuliwa na molekuli iliyotoka mahali pengine. Wengine huchukua jambo hili na kudai kwamba, kwa kuwa molekuli moja hukaa angani miaka michache tu, uchafuzi wetu nao huisha katika miaka michache. Si kweli. Kubadilishana nafasi hakupunguzi jumla. Ziada hupungua pale tu kaboni inapozama kwenye kina cha bahari au kufungwa kwenye udongo na mwamba kwa muda mrefu, na hilo huchukua karne, sehemu yake maelfu ya miaka. Hesabu ya akiba haihitaji kujua molekuli ipi ni ya nani, kama vile mweka hazina hahitaji kujua noti ipi aliileta nani.

Hata hivyo kaboni ya visukuku huacha alama, na swali lao linastahili jibu la vipimo. Alama ya kwanza ni isotopu. Mimea hupendelea kaboni nyepesi ya uzito 12 kuliko ya uzito 13, kwa hiyo makaa ya mawe na mafuta, ambayo ni mabaki ya viumbe vya kale, yana upungufu wa kaboni 13. Kadiri yanavyochomwa, sehemu ya kaboni 13 angani inashuka, na ndivyo vipimo vinavyoonyesha. Lakini hiyo peke yake haitoshi kuipinga (a), maana miti inayooza leo nayo ina upungufu huo. Inayotenganisha ni kaboni 14, ambayo ni ya mnururisho na hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mti uliokufa mwaka jana bado unayo. Makaa ya mawe yaliyokaa ardhini mamilioni ya miaka hayanayo kabisa. Hans Suess alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba kaboni 14 ya angani ilikuwa imepunguzwa na kaboni "mfu" ya visukuku. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofuata yaliongeza kaboni 14 angani na kuvuruga picha kwa muda, ndiyo maana kipimo chake cha kabla ya mabomu kina thamani ya pekee.

Alama ya pili inahusu jibu (b), na kwangu ndiyo safi kuliko zote. Kuchoma kitu hula oksijeni. Bahari ikitoa kaboni dioksidi iliyoyeyuka haili oksijeni yoyote. Ralph Keeling, mtoto wa Charles David, amekuwa akipima oksijeni ya anga tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na inashuka kwa namna inayolingana na uchomaji. Kushuka kwenyewe ni kudogo mno, sehemu chache kwa milioni kwa mwaka katika hewa yenye oksijeni asilimia 21, kwa hiyo asije mtu akaogopa kukosa pumzi. Pamoja na hilo, maji ya juu ya bahari yamekuwa yakisogea upande wa asidi: pH imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1 tangu kabla ya viwanda. Bahari inayopoteza kaboni ingesogea upande wa pili. Inapokea.

Kuhusu (c), ni timu chache zilizoichagua, nadhani kwa sababu ya Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania ambayo lava yake imejaa kabonati. Ni mlima wa ajabu kweli. Lakini volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, kwa mwaka wa kawaida hutoa kiasi kinachofikia karibu asilimia moja tu ya utoaji wa binadamu.

Kulikuwa na swali la nane lililounganishwa na la saba, na hapo timu hiyohiyo ilikosa tena, kwa kosa lilelile likiwa limevaa nguo nyingine. Liliuliza: mwaka 2020, kwa sababu ya kufungwa kwa shughuli wakati wa korona, utoaji wa kaboni kutokana na visukuku duniani ulishuka kwa zaidi ya asilimia 5. Je, kiwango cha kaboni dioksidi angani mwaka huo kilishuka, kilibaki palepale, au kilipanda? Timu nyingi zilijibu kilishuka. Kilipanda, kwa zaidi ya sehemu 2 kwa milioni.

Chukua hesabu ileile. Kati ya zile tani bilioni 11, karibu 10 ni za visukuku; zikipungua kwa asilimia 5, zinapungua kwa nusu tani bilioni. Badala ya 11, tumeongeza 10.5. Hata tukisema nusu tani bilioni hiyo yote ingebaki angani kama ingetolewa, tofauti ni 0.5 ÷ 2.13, chini ya robo ya sehemu moja kwa milioni. Ongezeko la kawaida ni sehemu 2 na zaidi, na mabadiliko ya asili ya mwaka hadi mwaka yanaweza kulimeza punguzo hilo lote lisionekane kwenye mchoro wa Mauna Loa. Anayechora grafu ya utoaji ikishuka, halafu akachora ya kiwango angani ikishuka pamoja nayo, amechanganya kasi ya kuongeza na kiasi kilichopo. Msahihishaji anaweza kulitambua kosa hili haraka kwa kuangalia kama mistari miwili ya mwanafunzi ina umbo moja.

Swali la tisa liliuliza kuhusu mkaa, na hapa nilikuwa upande wa wanafunzi. Liliuliza kama kaboni ya mkaa wa kupikia ihesabiwe pamoja na ya visukuku, na jibu la majaji lilikuwa "hapana, kwa sababu mti hukua tena." Hilo ni nusu ya jibu. Mti mkavu una kaboni karibu nusu ya uzito wake. Ukichukua kilo 100 za kuni kavu, kaboni yake ni karibu kilo 50. Tanuru la udongo la kienyeji linaweza kutoa kilo 15 hadi 20 za mkaa, wenye kaboni kilo 12 hadi 15. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kaboni ya mti imeshaondoka na moshi porini kabla gunia halijafika barabarani, na baadhi yake imeondoka kama methani na kaboni monoksidi, wala si kaboni dioksidi peke yake. Methani ina nguvu ya kunasa joto kubwa zaidi, uzito kwa uzito, ingawa hukaa angani miaka kumi na kidogo tu.

Je, inarudi? Miti mingi ya miombo huchipua kutoka kwenye kisiki. Eneo likiachwa lipumzike miongo kadhaa, bila moto wa kila mwaka, kaboni dioksidi ile itafyonzwa tena na hesabu itakaribia sifuri, isipokuwa methani iliyokwisha kufanya kazi yake. Eneo likigeuzwa shamba la mahindi, kaboni haitarudi, na lazima iandikwe upande wa binadamu, ndani ya tani bilioni moja hivi inayotokana na mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Mkaa uleule, gunia lilelile, majibu mawili, na kinachoamua ni kile kinachoota kwenye kisiki baada ya mchomaji kuondoka. Timu iliyoandika "inategemea kama msitu umeachwa" ilinyimwa alama. Nilipendekeza ipewe zote.

Baada ya hapo shindano liliruka kwenda kwenye joto, na kiungo hiki ndicho kilichokosewa na timu nyingi kuliko vyote. Waliulizwa waeleze jinsi ongezeko la kaboni dioksidi linavyopasha dunia, na jibu lililojirudia lilikuwa kwamba gesi hiyo hutoboa tabaka la ozoni na kuruhusu jua kali kupita. Hakuna kitu kama hicho. Ozoni iliharibiwa hasa na kemikali zenye klorini na bromini, zile zilizodhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na kazi ya ozoni ni kuzuia mionzi ya urujuanimno inayoingia. Kaboni dioksidi inashughulika na joto linalotoka.

Dunia hufyonza kutoka kwa jua wastani wa wati 240 kwa kila mita ya mraba, na lazima irudishe kiasi hichohicho anga za juu kwa mionzi ya infraredi. Kama isingekuwa na gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto, hesabu ya fizikia inaiweka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Wastani wake halisi ni karibu nyuzi 15 juu ya sifuri. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ni karibu hewa yote, huiachia infraredi ipite. Kaboni dioksidi na mvuke wa maji huifyonza na kuitoa tena pande zote. Matokeo ni kwamba joto linaloondoka kabisa haliondoki ardhini bali kwenye hewa ya juu, kilomita kadhaa kutoka chini, ambako kuna baridi. Ukiongeza kaboni dioksidi, mahali pa kuondokea panasogea juu zaidi, penye baridi zaidi, na hewa ya baridi hutoa mionzi michache. Kinachotoka kinakuwa pungufu ya kile kinachoingia, na dunia inaendelea kupata joto mpaka mizani ikae sawa tena.

Kutoka 280 hadi 420, upungufu huo kwa kaboni dioksidi peke yake ni kama wati 2 kwa mita ya mraba. Kanuni inayotumika ni hii:

```
5.35 × ln(420 ÷ 280) ≈ 2.2
```

Timu moja iliandika kwamba gesijoto kubwa kuliko zote ni mvuke wa maji, kwa hiyo kaboni ni ya kusingiziwa. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ni kosa la swali la saba limerudi kwa upande mwingine. Mvuke hukaa angani siku chache kisha hunyesha, na kiasi chake huamuliwa na joto la hewa: kila nyuzi moja ya joto huruhusu mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo mvuke hukuza joto lililoanzishwa na kitu kingine, lakini hauwezi kulianzisha wenyewe.

Na mtu akiuliza kwa nini lisiwe jua, kuna kipimo cha kumjibu. Jua likizidi, tabaka la chini la anga na la juu, yaani stratosfia, yote yangepata joto. Kinachopimwa ni kwamba chini kuna joto zaidi na stratosfia imepoa, hali inayotarajiwa kaboni dioksidi inapoongezeka.

Uamuzi wangu kuhusu rufaa ulikuwa kwamba swali la saba lifutwe kwa timu zote, kuliko kumpa alama aliyekariri na kumnyima aliyesoma takwimu. Lililotungwa upya linataja 200, 206 na 11, linamtaka mshindani atafute salio na kuligeuza kuwa sehemu kwa milioni, kisha ndiyo achague sababu.

Timu ile niliwaandikia jambo moja zaidi. Kuna swali ambalo jibu lao la (a) lingekuwa karibu sahihi: kwa nini mwaka mmoja kaboni dioksidi hupanda kwa sehemu 2 na mwaka mwingine kwa zaidi ya 3, wakati viwanda na magari hayajabadilika sana? Hapo kinachoyumba ni asili. Miaka ya El Niño kali, kama 2015 na 2016, ukame na joto hupunguza ukuaji wa misitu ya tropiki, moto huongezeka, na nchi kavu hufyonza kidogo kuliko kawaida. Salio la mwaka mmoja mmoja huyumbishwa na mimea na udongo. Mteremko mrefu, kutoka 280 hadi zaidi ya 420, ni wa ile 11.